Gari kubonyea mbele

"Kwani gari kubonyea mbele si ndio ubovu? Za zamani zilikuwa ngumu bwana"

Hapana, linabonyea makusudi. Chukua gari la kilo 1,200 liko mita 15 kwa sekunde (54 km/h), likivaa ukuta mwendo wote unaisha tu, sasa bodi ngumu likisimama kwa sekunde 0.02 nguvu ya wastani ni 1,200 × 15 ÷ 0.02, nyutoni 900,000. Pua ikikunjika kama sentimita 75 inachukua sekunde 0.1, nguvu inashuka hadi 180,000. Kuna wanaosema mwendo unaopotea ndio unapungua, hapana, muda wa kusimama ndio unaongezeka. Ila huo ni wastani, kilele kinapita hapo, na bila mkanda wewe unaendelea na mwendo uleule mpaka ukutane na usukani.