Karatasi ya hundi ikichomolewa, itafute kwa namba

Wengi wanaoingia ofisi ya uhasibu hufundishwa usuluhisho wa benki kwa njia moja: chukua daftari la fedha, chukua taarifa ya benki, weka tiki kila kiasi kinapofanana, kisha ueleze kilichobaki. Njia hiyo ni sawa kwa kujua kama salio ni sahihi. Kwa karatasi ya hundi iliyochomolewa kitabuni, haikusaidii mpaka pesa ziwe zimetoka. Karatasi iliyoibwa haikuandikwa kwenye daftari la fedha, wala haina vocha. Kama bado iko mfukoni mwa mtu, haimo hata kwenye taarifa ya benki. Utaweka tiki zako zote, salio litakubali, na karatasi itakuwa nje.

Kwa hiyo fanya kazi nyingine, tofauti na usuluhisho, na uifanye kila mwezi: fuata namba. Orodha yako isianze na hundi zilizoandikwa. Ianze na namba ambazo benki ilikupa. Kitabu kikiwa cha karatasi 50, kuanzia 000351 hadi 000400, andika namba zote 50 hata kama umetumia kumi tu. Kila namba lazima iwe na jibu moja kati ya manne: imelipwa na benki, imefutwa na karatasi yake ipo, imetolewa na haijawasilishwa benki, au iko kitabuni haijaandikwa. Namba isiyo na jibu ndiyo unayoitafuta.

Nitaeleza kwa mfano wa shule moja ya bweni nchini Kenya ambako niliitwa kusaidia mwisho wa Juni. Kitabu kilikuwa hicho cha 351 hadi 400, kilichoanza kutumika Mei. Kishina cha mwisho kilichoandikwa kilikuwa 372. Maana yake zilitumika karatasi 22, na zinazobaki zinapaswa kuwa 28.

Nilianza na vishina. Kishina ni ile sehemu inayobaki kitabuni hundi ikichanwa, na huandikwa tarehe, jina la anayelipwa na kiasi. Nilivipitia kimoja kimoja nikiwa na rejista ya hundi pembeni, ile ambayo mpokeaji huweka saini anapochukua hundi yake. Usikubali kusomewa vishina na mtu mwingine huku wewe ukiandika. Kishike kitabu mwenyewe, maana macho yanapaswa kuona pia mahali karatasi ilipochanwa, kama imefuata vitobo au imekatwa kwa wembe.

Vishina viwili viliandikwa "imefutwa": 355 na 363. Karatasi ya 355 ilikuwa imebanwa kwa stepla kwenye kishina chake, imepigwa mistari na sehemu ya saini imekatwa. Hiyo imekwisha. Ya 363 haikuwepo. Neno "imefutwa" kwenye kishina bila karatasi yenyewe ni maelezo tu, na mtu anayetaka kutumia karatasi vibaya hawezi kupata kificho kizuri kuliko hicho. Ilituchukua muda kuipata: karani alikosea jina la muuza mahindi, akaandika hundi mpya ya 364, kisha akaibana ile iliyoharibika kwenye vocha ya malipo ndani ya faili. Hakuwa na nia mbaya. Tuliitoa tukaibana kwenye kishina chake, mahali ambapo mkaguzi ataitafuta.

Halafu ikaja taarifa ya benki ya Mei na Juni. Niliandika kwenye karatasi namba za hundi zilizolipwa peke yake, bila kujali kiasi, nikazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Mpangilio huu ndio unaofichua mambo. Taarifa ya benki hupangwa kwa tarehe, na kwa tarehe namba huja zimechanganyika, kwa sababu mtu mmoja hupeleka hundi yake siku ileile na mwingine hukaa nayo wiki tatu. Ukizipanga kwa namba, inayoruka mbele ya wenzake huonekana mara moja.

Hundi za kitabu hiki zilizolipwa zilikuwa 18. Kumi na sita zilikuwa kati ya 351 na 371 na zote zilikuwa na vishina. Mbili zilikuwa mbele sana: 396, shilingi 42,000, na 398, shilingi 184,500. Kitabu kilikuwa kimefika 372, kwa hiyo namba hizo hazikupaswa kuwa zimetoka kabisa.

Hapa ndipo wageni wengi hukimbilia kupiga kelele, au hufanya kinyume chake, wakaandika "kosa la benki" na kuendelea. Ukweli ni kwamba mambo yote mawili hutokea, na siku ile yalitokea pamoja. Namba ya hundi huchapwa chini ya karatasi kwa wino ambao mashine husoma. Mashine ikishindwa, kwa mfano kwa sababu karatasi imekunjwa au imepigwa mhuri juu ya mstari ule, mtu huingiza namba kwa mkono, na vidole hupindua tarakimu. Nikatazama vishina vyangu: 369 ilikuwa ya shilingi 42,000, na 369 yenyewe haikuonekana popote kwenye taarifa. Nikafungua kitabu upande wa nyuma, karatasi ya 396 ilikuwepo, safi kabisa. Kwa hiyo 396 ya benki ilikuwa 369 yetu. Hayo mambo matatu yote yanahitajika: kiasi kinafanana, namba ya kweli haijalipwa, na karatasi inayodaiwa kulipwa unaishika mkononi. Likikosekana moja, usifunge.

Ya 398 haikupita mtihani huo. Hakuna kishina chenye 184,500. Nilipofunua kitabu nyuma, 397 ilifuatwa na 400. Karatasi za 398 na 399 zilikuwa zimeondolewa pamoja na vishina vyake, na kwenye mshono palibaki uzi mwembamba wa karatasi. Aliyezichukua aliiacha ya mwisho makusudi, ili anayechungulia nyuma aone 400 aridhike. Ndiyo maana karatasi ambazo hazijatumika huhesabiwa moja moja kwa kusoma namba, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Tulipaswa kuwa na 28, tukapata 26.

Sasa tazama jinsi namba zinavyojumlishwa. Zilizolipwa kihalali 17, ukiihesabu ile ya 369. Zilizofutwa na karatasi zipo, mbili. Zilizotolewa ambazo hazijafika benki, tatu: 368, 370 na 372. Zilizo kitabuni, 26. Jumla ni 48. Zinazopungua mbili ni 398, ambayo imeshalipwa, na 399, ambayo haijaonekana popote. Kati ya hizo mbili, inayokuhitaji dakika hiyohiyo ni 399.

Zile tatu ambazo hazijawasilishwa nazo usizipitie harakaharaka. Tazama saini ya mpokeaji kwenye rejista, na kama haipo, muulize mhasibu hundi iko wapi. Hundi huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati baada ya miezi sita, na hundi ambayo imeandikwa kwa miezi kadhaa kwenye orodha ya "haijawasilishwa" wakati muuzaji anadai hajalipwa inaweza kuwa imekaa kwenye droo ya mtu. Nilipiga simu kwa wauzaji watatu. Wawili walikuwa nazo, na ya tatu ilikuwa bado kwenye sefu ikisubiri kuchukuliwa.

Jambo moja la Kenya linalowachanganya wageni: tangu Oktoba 2009 hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja haipiti kwenye mfumo wa kubadilishana hundi kati ya benki. Ofisi nyingine hugawa malipo makubwa kwenye hundi mbili au tatu zinazofuatana kwa namba. Vocha inakuwa moja, vishina vitatu. Ukilinganisha kwa vocha utadhani namba mbili zimepotea. Ukilinganisha kwa vishina hutapata shida hiyo.

Kama taarifa unaipata kwa kompyuta, Ekseli itakupunguzia kazi. Weka namba zote za kitabu kwenye safu ya A na namba za hundi zilizolipwa kwenye safu ya D. Benki huandika 000351 na wewe umeandika 351, basi kwanza zigeuze zote ziwe namba tupu bila sifuri za mbele.

```
=COUNTIF($D$2:$D$60,A2)
=COUNTIF($A$2:$A$51,D2)
```

Ya kwanza, ukiiburuta kando ya safu ya A, inakuambia kila karatasi imelipwa mara ngapi: 0 ni haijalipwa, 1 ni imelipwa, 2 ni namba iliyotokea mara mbili, nayo inahitaji kuulizwa. Ya pili, kando ya safu ya D, ikitoa 0 ni kwamba benki imelipa hundi isiyo ya kitabu hiki. Fomula hizi zingenyamaza kuhusu 398, maana 398 imo ndani ya kitabu. Kinachoisema ni wewe kujua kwamba umefika 372.

Na kama namba haimo kwenye kitabu chochote unachokijua, rudi kwenye taarifa utafute makato ya benki ya kitabu cha hundi. Benki hukata ada inapotoa kitabu, na tarehe ya makato hayo unailinganisha na rejista ya vitabu. Makato matatu na vitabu viwili vilivyopokelewa maana yake kuna kitabu kizima ambacho hakikufika ofisini. Ndani ya kila kitabu pia huwa na fomu ya kuagizia kingine. Angalia kama bado ipo, kwa kuwa hiyo nayo huchomolewa.

Kwa 398 tuliomba benki picha ya hundi, mbele na nyuma. Tangu 2011 hundi nchini Kenya hulipwa kwa picha, na karatasi yenyewe hubaki benki ilikowekwa, kwa hiyo usitegemee kuletewa ile halisi haraka. Picha inatosha kuonyesha jina la aliyelipwa, saini, na akaunti ilikoingia. Hayo yakaenda kwa bodi ya shule na polisi. Mimi sikumuuliza karani chochote kabla ya hapo, na nakushauri ufanye hivyohivyo, maana aliye na 399 akijua umeshagundua, ataipeleka benki kabla ya barua yako.

Barua ya kusimamisha malipo ilipelekwa mchana uleule, imesainiwa na watia saini wa akaunti, ikitaja namba ya akaunti na namba ya hundi 000399. Hatukuandika kiasi, kwa kuwa hatukujua angeandika kiasi gani. Nakala ilipigwa mhuri wa benki wenye tarehe, na ofisa aliyeipokea akaandika saa, ili hundi ikilipwa baada ya hapo ijulikane nani anabeba hasara. Taarifa ya Julai ilipofika, 399 ilikuwemo, imewasilishwa tarehe tisa na kurudishwa bila kulipwa.