Pete bila picha: chapa, rangi na uzito

"Simu imepotea na picha ya pete. Ni ya njano, kwa ndani imeandikwa 750, gramu 4.20. Ni karati ngapi?"

750 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1000, yaani karati 18. Hayo ni maneno ya aliyegonga chapa, na chapa ya kugonga inauzwa kwa yeyote. Chukua lenzi usome herufi zinazofuata namba: GP au HGE ni pete ya kuchovya, GF ni tabaka la dhahabu juu ya madini mengine.

Gramu peke yake hazisemi kitu mpaka tujue pete imechukua nafasi kiasi gani. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma 0.01, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza pete kwa uzi mwembamba. Izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Ikisoma 0.27, gawa: 4.20 ÷ 0.27 = 15.6, na karati 18 huwa kati ya 15 na 16. Shaba ya njano ya uzito huohuo ingesoma karibu 0.49. Kiputo kikinasa ndani ya pete, jibu litashuka, kwa hiyo itikise majini kwanza. Pete yenye jiwe haipimiki hivi.

"Yangu imekolea kuliko ya dada. Si ndiyo safi zaidi?"

Hapana. Shaba nyekundu ikizidi kwenye mchanganyiko, pete inaelekea wekundu. Fedha ikizidi, inapauka. Karati zinaweza kuwa zilezile. Rangi nitajie ya ukingo wa chini uliosuguka: ukiona weupe au wekundu unachungulia pale tu, imechovywa.

"Ya njano, imeandikwa 925?"

Fedha iliyochovywa dhahabu.

"Sumaku haikuishika, basi inatosha?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Shaba, fedha na risasi hazishikwi na sumaku pia. Msinunue pete kwa kipimo hicho.

"Maji yakikubali, sonara wa nini tena?"

Kwa sababu maji hupima uzito wa ujazo, hayaijui dhahabu. Karati 9 huwa karibu 11, risasi ni 11.3, dhahabu tupu ni 19.3, tangsteni nayo ni hivyohivyo.

Sonara atasugua pete kwenye jiwe jeusi, aweke pembeni mstari wa dhahabu anayoijua, kisha adondoshee asidi ya karati 18. Mstari wako ukififia na wa kwake ukibaki, pete iko chini ya 18. Mwambie akwaruze kwanza kwa tupa sehemu ya ndani, maana akisugua ngozi ya juu atapima kilichochovywa. Hata mashine ya eksirei husoma juujuu tu. Asidi hiyo usiijaribu jikoni, na pete ipimwe uzito mbele yako kabla ya kazi na baada yake.