Namba yako inaitwa tapeli kwenye simu za watu: majibu ya maswali yenu

Nauza mafuta ya alizeti hapa Majengo, nikimpigia mteja mpya simu yake inaandika mimi ni tapeli. Mtandao umenifungia?

Hapana dada, laini yako haina shida. Ile alama inawekwa na app iliyoko kwenye simu ya anayepokea, mara nyingi Truecaller au Phone ya Google, inachukua namba yako inailinganisha na ripoti za watumiaji wengine. Wewe unapigia watu usiowajua, wengine wanakuona msumbufu wanabonyeza kublock na kuripoti, basi ripoti zikijazana unaanza kutokea hivyo hadi kwa watu ambao hujawahi kuongea nao. Ndo maana kwenda kupanga foleni kwa kampuni ya simu ni kupoteza asubuhi bure, orodha yenyewe hawaishiki wao.

Nitajuaje ni app gani?

Usipime kwa simu ya mdogo wako, kashakusevu, kwake linatokea jina alilokusevia tu. Tafuta watu wasio na namba yako, mmoja mwenye Truecaller na mwingine anayetumia Phone ya Google peke yake, wapigie halafu wakutumie skrinshoti. Tuseme wa Truecaller anaona alama na wa Google haoni kitu, hapo unahangaika na Truecaller tu. Kila app ina orodha yake, ukisafishwa huku kule unabaki ulivyo.

Haya, nafutaje?

Truecaller, jisajili kwa namba hiyohiyo, weka jina lako la biashara, halafu waandikie huduma kwa wateja humohumo kwenye app uwaombe waipitie upya. Kuna na njia ya kuitoa namba kabisa: unafunga akaunti kwanza, kisha unaingia truecaller.com/unlisting unaandika namba kuanzia +255, ila mi kwa mfanyabiashara siishauri maana na jina lako linaondoka, mteja anabaki anaona namba tupu. Kwa Google omba wateja uliowahudumia waingie kwenye orodha ya simu zilizopigwa, washikilie namba yako wachague Not spam. Na ukiendelea kupigia wageni kumi kwa mpigo ripoti zitarudi tu, bora utangulize meseji useme we ni nani na mzigo gani.

Laini ni mpya kabisa, mbona inatokea jina la mwanaume nisiyemjua?

Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa sokoni, huyo ndo aliyekuwa nayo kabla yako, na ripoti zake umezirithi. Piga *106# uhakikishe imesajiliwa kwa NIDA yako, kisha fuata hatua za hapo juu.

Kuna jamaa anataka elfu ishirini na code iliyoingia kwa meseji ili anifutie.

Usimpe! Hiyo code ndo inayomfungulia akaunti kwa namba yako. Namba yake itume 15040.