Mwanaboda aliyezuia dawa getini mpaka aongezwe 200

Swali: Assalamu alaykum, sheikh. Niliagiza dawa za mama yangu kutoka duka la dawa mjini, ziletwe South C. Dawa zilikuwa shilingi 1,850 na kuletewa 250, nikalipa zote kwa M-Pesa. Mwanaboda alipofika getini alidai 200 zaidi, la sivyo anarudi nazo. Mama alikuwa na maumivu makali, nikatoa. Ustadhi mmoja ameniambia ni haki yake kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na hiyo ndiyo desturi ya mji. Je, ni halali kwake? Nami nina dhambi? Naweza kuzihesabu kuwa zaka?

Jibu: Wa alaykumus-salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amponye mama.

Huna dhambi. Ulitoa ili uokoe haki yako mikononi mwa aliyeizuia, na wanazuoni wanamruhusu aliyedhulumiwa kutoa katika hali hiyo. Dhambi inabaki kwa mpokeaji. Kwake yeye shilingi hizo 200 si halali. Mwenyezi Mungu ameharimisha tuliane mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana (An-Nisaa, 29). Ridhaa hupimwa kwa swali moja: ungesema hapana, ungepewa dawa zako? Wewe usingepewa, basi ridhaa haikuwepo.

Maneno ya huyo ustadhi yamenisumbua kuliko kisa chenyewe, kwa sababu yanaivisha dhuluma vazi la fiqhi. Ni kweli kwamba lililozoeleka kwa desturi huwa kama lililoshurutishwa. Lakini kanuni hiyo ina mipaka ambayo hakukutajia. Desturi huziba pengo pale wahusika waliponyamaza, nanyi hamkunyamaza: duka lilitaja 250 nawe ukalipa 250. Desturi ikigongana na tamko la wazi, tamko ndilo linalofuatwa. Tena lazima iwe imeenea na kujulikana wakati wa kufunga mkataba, na Nairobi wengi huletewa vitu bila kudaiwa nyongeza. Tabia ya baadhi ya watu kuwabana wateja haiwi desturi ya sheria.

Mvua nayo haimpi hoja. Alikubali safari huku anaijua njia na malipo yake, na ijara, yaani mkataba wa kazi kwa malipo, ikishafungwa inafunga pande zote mbili. Akiona malipo hayatoshi, na huenda kweli hayatoshi, wa kuzungumza naye ni aliyemwajiri, yaani duka, na wakati wake ni kabla ya kupakia mzigo. Alikuwa na ruhusa kukwambia, "Dada, nimelowa, nisaidie chochote," kisha akakukabidhi dawa, utoe au usitoe. Hapo ingekuwa zawadi, na ningekuhimiza utoe.

Kuzuia mzigo ni kosa jingine. Katika Al-Hidaya, kitabu cha Kihanafi, fundi ambaye kazi yake inaacha athari kwenye kitu, kama mtia rangi nguo, anaruhusiwa kukizuia mpaka alipwe ujira wake. Mbebaji haruhusiwi, kwa kuwa kazi yake haiachi athari kwenye mzigo. Hayo yanasemwa juu ya ujira halisi ambao bado unadaiwa. Itakuwaje kwa nyongeza ambayo haikuwahi kuwa ujira?

Hukumu ingebadilika kidogo kama kosa lingekuwa lako. Tuseme uliandika South B, akafika huko, ukampigia simu asogee hadi South C. Hiyo ni kazi mpya nje ya mkataba. Njia salama ni ataje bei kabla ya kuwasha pikipiki, nawe ukubali au ukatae. Akija bila bei kutajwa, Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kuwa kauli inayotegemewa kwetu Mashafi ni kwamba hana ujira, kisha anataja kauli kwamba anayejulikana kwa kazi hiyo hulipwa, na anaashiria uzuri wake. Nami kwa watu wa boda ninaiona hii ya pili kuwa ya uadilifu zaidi: alipwe ujira wa mfano, yaani kiasi ambacho kazi kama hiyo hulipwa kwa kawaida. Ikiwa duka hulipisha 200 kwa South B na 250 kwa South C, basi anastahili 50, si 200.

Zaka haiwezekani. Zaka inataka nia wakati wa kutoa au kutenga, nawe hukunuia; na deni unalomdai mtu huligeuzi zaka kwa kumsamehe tu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Unaloweza ni kumdai, au kumsamehe na ukapata thawabu ya msamaha.

Ukitaka kudai, tuma kwa duka ujumbe wa malipo ya kwanza na ule wa 200, pamoja na saa aliyofika. Ukizinyamazia, mgonjwa wa kesho atabanwa vivyo hivyo. Eleza tukio lilivyokuwa bila kuongeza neno, kwani huenda mtu akafukuzwa kazi kwa ushahidi wako. Na siku nyingine akidai kabla ya kukabidhi, usibishane naye ukiwa peke yako getini: lipigie duka simu hapo hapo, mpe azungumze na waliomtuma. Ikiwa mgonjwa hawezi kusubiri simu hiyo, toa kama ulivyotoa, kisha udai.