Jibu: kumukumbusha lokateri pesa ya nyumba

«Lokateri wangu analipa wiki ijayo, nataka nimukumbushe bila kumukwaza lakini asiseme hakuelewa. Niandike namna gani?»

Jambo ndugu. Niko na nyumba mbili huku Kadutu, na kitu ya kwanza ya kuangalia ni ile neno «wiki ijayo», uitoe kabisa. Mwaka jana niliandikia lokateri mmoja vile, mimi nikawaza siku ya kwanza, yeye akawaza posho, tukakwazana bure. Weka siku na tarehe pamoja, pesa kwa hesabu, na namna atalipa, kwa sababu huku kwetu ugomvi unatokeaka pale: analeta noti ya dola yenye kupasuka kidogo pembeni, kambisti anaikataa, ao analeta faranga kwa kiwango chake mwenyewe.

Mimi natumaka hivi, siku tano mbele:

«Jambo Mama Furaha, habari ya watoto? Nakukumbusha pesa ya nyumba ya mwezi wa 11, dola 80, ni siku ya tatu tarehe 5. Noti zisikuwe za kupasuka. Kama ni faranga, tutafuata kiwango cha siku ile. Nitapita saa kumi na moja na resu. Kama kuko shida, uniambie mbele ya siku ya yenga.»

Salamu inatosha kuleta upole. Usiongeze «kama inawezekana», hapo anasikia ruhusa ya kuchelewa. Na garanti usiitaje, utasikia «basi ukate mule». Asipojibu mpaka kesho yake, piga simu, usitume ujumbe wa pili.