Ukuta wa mbao na bodi: nafasi za mbao na shimo la mlango

Shikamoo fundi. Aliyenijengea ukuta wa futi 12 ameacha futi mbili wazi kati ya mbao na mbao. Bodi ya kwanza ya jipsamu imeishia hewani. (Morogoro)

Marahaba. Nafasi hupimwa kutoka katikati ya mbao hadi katikati ya mbao inayofuata, si ule uwazi wa kati. Mbao yako ya mbili kwa nne ina unene wa inchi 2. Ukijumlisha na uwazi wa 24 inakuwa 26, hivyo mbao ya tatu imeanzia inchi ya 52 na bodi ina upana wa 48. Usibomoe. Ongeza mbao mbili tu: katikati ya moja iwe inchi 48 kutoka mwanzo wa ukuta, ya pili 96. Hapo kila bodi itapata inchi moja ya kupigia skrubu.

Futi mbili zinafaa bodi ya milimita 12. Ile ya milimita 9 tunayofunga darini itabonyea. Ipe inchi 16.

Mlango umeangukia penye mbao. Nisogeze zote? Na shimo liwe kubwa kiasi gani? (Tanga)

Usisogeze hata moja. Alama ziendelee kama vile mlango haupo. Mbao zinazoangukia kwenye shimo zikatwe, zibaki vipande vifupi juu ya mlango, palepale penye alama zake. Kisha simamisha mbao mbilimbili kila upande wa shimo: ya nje ifike juu kabisa, ya ndani iwe fupi, ibebe mbao ya kulala juu ya mlango.

Kwa upana, nunua fremu kwanza. Ipime nje kwa nje, ongeza inchi moja, ili upate nusu inchi kila upande ya kupigia kabari na kunyoosha miimo kwa timazi. Kwa urefu, kumbuka unene wa vigae kama bado hujaviweka. Mbao ya chini usiikate mlangoni hadi ukuta usimame na kufungwa. Ndiyo inayoshika pande mbili zisiachane.

Kwa nini ufa hutokea kwenye kona ya juu ya mlango? (Mombasa)

Angalia kama maungio ya bodi yanapanda wima kutoka kwenye mwimo. Mlango ukibamizwa, mtikisiko wote huishia hapo, na utepe na plasta haviwezi kuuhimili. Bodi moja ivuke kona, ikatwe kwa umbo la L, maungio yaangukie kwenye kipande kifupi juu ya mlango. Ukipiga plasta tena bila kubadili maungio, ufa utarudi.

Paini mbichi inafaa? (Iringa)

Hapana. Ikikauka ukutani hunywea na kupinda, vichwa vya skrubu vikachomoza kwenye rangi. Ipange kivulini, tenga kila safu kwa vibao hewa ipite, na usiifunge hadi ikauke.