Fundi vigae mgeni: kaunta ya duka ilinipa kazi kabla ya geti la saiti

"Wakuu, nimemaliza kujifunza kuweka vigae kwa fundi mmoja, vifaa vyangu ninavyo. Kila saiti ninayokwenda fomeni ananiambia acha namba, tutakupigia. Mwezi wa pili huu simu haijaita. Nyinyi mlianzaje?"

Hiyo "acha namba" niliisikia mpaka nikaizoea. Fomeni hakuchukii, ila kazi ikiharibika anayeulizwa na mkandarasi ni yeye, na wewe hajawahi kuona hata kigae chako kimoja. Mimi nilitokea upande wa duka la vifaa.

Nilikuwa nimekwenda kununua misalaba ya kutenganishia vigae. Mteja mbele yangu alitaka boksi 14 za vigae vya sentimita 60 kwa 60 kwa sebule ya mita 4 kwa 5. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwenye karatasi: boksi lina vigae vinne, yaani mita za mraba 1.44, na sakafu ni 20. Nikamuuliza kama kuna skatingi. Ipo, alikuwa ameisahau. Na vya kukata pembeni je? Kimya.

Tukapiga upya pale kaunta. Sakafu na asilimia 10 ya kukata na kuvunjika inafika mita 22, hizo ni boksi 16. Skatingi ya sentimita 10 inazunguka mita kama 17 ukitoa mlango. Kigae kimoja kinatoa vipande vitano, maana msumeno nao unakula, kwa hiyo vinatakiwa vigae sita, boksi mbili. Jumla 18. Nikamwambia muuzaji ahakikishe boksi zote zina namba ileile ya toleo, kwa sababu matoleo mawili yanaweza kutofautiana rangi na ukaligundua hilo vikiwa vimeshashika.

Mteja akanipa kazi. Lakini aliyenifaa zaidi ni muuzaji. Kinachomsumbua ni mteja anayerudi baada ya wiki kutafuta boksi mbili za toleo lililokwisha, au anayerudisha boksi tano zilizofunguliwa. Fundi anayeandika orodha inayotosha anampunguzia ugomvi, basi naye anamtaja. Wewe chagua duka moja au mawili, ujulikane hapo. Ukizunguka kumi hakuna atakayekukumbuka.

Kuna maduka yanayompa fundi kamisheni. Sikatai, ila usiongeze boksi ili kamisheni inenepe. Mwenye nyumba akikuta boksi sita zimebaki stoo, jina lako limeishia hapo.

Fomeni nilimpata kupitia duka hilohilo. Alifuata gundi, akalalamika kwamba choo kimoja kina vigae vinavyolia tupu, muuzaji akanionyesha kwa kidole. Sikumwomba nyumba nzima, niliomba kurekebisha hicho choo tu. Nilipovigonga kwa sarafu, vingi vililia kama debe. Nikabandua kimoja: gundi ilikuwa madonge matano nyuma ya kigae, katikati hewa. Kigae cha namna hiyo kikiangukiwa na kitu kizito kinapasuka, na maji yanapata pa kukaa. Niliparua yote, nikafuta vumbi, nikatandaza gundi kwa mwiko wa meno. Kigae cha kwanza nilikibandika, nikakibandua palepale mbele yake aone mgongo wote umeshika. Nadhani kile kigae ndicho kilichonipa ghorofa iliyofuata.

Sasa lililonichoma. Mkandarasi mdogo mmoja aliniita kwa malipo ya mita za mraba, tukakubaliana kwa mdomo. Siku ya kupima alihesabu sakafu peke yake. Skatingi na ngazi akasema "zimo humohumo". Ngazi! Mita chache, lakini kila kidato kinakatwa na kupigwa pembe, siku nzima inaishia vidato vichache. Nilimaliza nikiwa nimemlipa msaidizi wangu na mimi kubaki na vumbi.

Tangu hapo kabla ya kufungua gundi namwandikia fomeni ujumbe wa simu: sakafu kwa mita ya mraba, skatingi kwa mita ya urefu, ngazi kwa kidato, nani analeta gundi, nani anasawazisha sakafu ikiwa imepinda, na tunapima pamoja kila baada ya vyumba vingapi. Naomba ajibu "sawa". Anayekwepa kujibu ujumbe huo huwa naiacha kazi yake, hata kama sina nyingine wiki hiyo. Na hilo la sakafu iliyopinda usilidharau: weka ubao ulionyooka wa mita 2 juu yake kabla ya kutaja bei. Ukiona mwanga unapita chini yake upana wa kidole, hapo kuna kazi ya kusawazisha ambayo hakuna aliyekuambia.